Shajara ya ripoti ya BTP: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, Darasa la Tano

28 Juni 2025: Mpango unaanzia nyuma

Nafungua shajara hii kwa ajili ya wanachuo wenzangu wa ualimu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha, yaani BTP, na wangependa kuona ripoti inavyojengwa tangu kabla ya kipindi cha kwanza. Nimepangiwa shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa mji wa Morogoro, Hisabati Darasa la Tano. Nitaongeza maingizo kila hatua inapokamilika.

Mwongozo wa chuo unataka utangulizi, maelezo ya shule, maandalizi, ufundishaji, tafakuri, changamoto na mapendekezo, kisha viambatisho. Nimeazima ripoti kadhaa za waliotutangulia. Karibu zote zina kurasa nyingi za historia ya shule, idadi ya madarasa, matundu ya vyoo na ramani ya kijiji, halafu tafakuri inabanwa kwenye nusu ukurasa: "nimejifunza mengi na nimepata uzoefu mkubwa." Ukimaliza kusoma hujui mwanafunzi mmoja alijifunza nini kwenye kipindi kimoja.

Kwa hiyo naanza na viambatisho. Kabla ya kuandika sura yoyote najiuliza nitaweka nini mezani mkufunzi akisema "nionyeshe". Jibu hilo ndilo linaloniambia nikusanye nini nikiwa bado shuleni, kwa sababu baada ya kufunga hakuna namna ya kurudi kuyatafuta madaftari ya watoto.

Uamuzi wa pili ni kutoieneza sura ya tafakuri kwenye vipindi vyote. Nitachukua mada ndogo moja, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na kuifuata kuanzia azimio la kazi hadi zoezi la mwisho. Nimeichagua kwa sababu kosa la mwanafunzi kwenye sehemu linaacha alama inayosomeka. Mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5 unaona kabisa alichofanya: kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Jibu lenyewe linakueleza alivyofikiri. Anayefundisha lugha anaweza kupata kitu cha namna hii kwenye imla au insha fupi; anayefundisha Uraia itabidi atunge maswali yanayomlazimisha mtoto kutoa sababu.

13 Julai 2025: Diari ya kila siku haikufaa

Mambo ya kawaida yamekwenda. Azimio la kazi limesainiwa na mwalimu wa taaluma, shajara ya somo nimekabidhiwa, na mwalimu wa Hisabati ninayempokea vipindi amekubali kukaa nyuma ya darasa mara kwa mara. Nitamwita mwalimu mlezi.

Mpango ulikuwa kuandika tafakuri kila jioni, aya moja kwa kila kipindi. Wiki ya kwanza ilitosha kuonyesha kasoro yake. Nilipozipanga aya pamoja, zilifanana: "Somo limefundishwa vizuri, wanafunzi wengi wameelewa, wachache watasaidiwa kipindi kijacho." Ni maneno yale yale tuliyozoea kuyajaza kwenye nafasi ya tathmini chini ya andalio la somo, wakati mwingine hata kabla ya kipindi kuanza, ili andalio lionekane limekamilika mkaguzi akipita.

Kuna jaribio rahisi la kuyatambua maneno hayo. Funika jina la mada kwa kidole, kisha usome sentensi. Kama inaweza kubaki vilevile chini ya andalio la Sayansi au la Kiswahili, haijasema kitu kuhusu kipindi chako. Aya zangu za wiki hiyo karibu zote zilianguka hapo. Asilimia nazo zilianguka. "Asilimia 80 wameelewa" inadai kuna mtu alihesabu, na hakuna aliyehesabu.

Nilijaribu pia mzunguko wa tafakuri wa Gibbs, ule wa mwaka 1988 wenye hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Ni mzuri kwa tukio moja zito, kwa mfano siku darasa limekushinda nidhamu. Kwa kazi ya kila siku unachosha, na kwangu hatua ya hisia ilivimba huku uchambuzi ukibaki mistari miwili. Nimeuweka akiba.

Kilichobaki ni mistari mitatu tu kwa kila kipindi, kwenye daftari dogo linalokaa mfukoni. Wa kwanza ni nilichokiona, wa pili ni kinachothibitisha, wa tatu ni kitakachobadilika kesho. Mstari wa pili ukikosa cha kuandikwa, wa kwanza unakatwa. Siku nyingine zimebaki tupu, nami nimeziacha tupu.

24 Julai 2025: Sauti ya darasa

Mwalimu mlezi aliandika kwenye karatasi yake: "Unauliza sana, lakini wanajibu wote." Sikumwelewa mpaka niliporekodi kipindi.

Kwanza ruhusa. Nilimwomba mwalimu mkuu kwa maandishi, nikaeleza kwamba narekodi sauti yangu kwa ajili ya tathmini, kwamba rekodi haitatumwa kwa mtu, na kwamba itafutwa ripoti ikishapokelewa. Alisaini, na nakala ya barua hiyo ni kiambatisho cha kwanza. Nilikuwa nimepanga kupiga picha za wanafunzi wakiwa kwenye vikundi, nikaacha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imefanya watu wengi kuwa waangalifu zaidi na taarifa za watoto. Hata bila sheria, picha ya vikundi inaonyesha tu watoto wameinama juu ya karatasi na haisemi wanajifunza nini. Madaftari nitayapiga picha bila jina, na kila mwanafunzi nitamtaja kwa namba yake ya mahudhurio: M5, M10 na kuendelea.

Simu ilikaa juu ya meza ya mwalimu. Nilisikiliza jioni nikiwa na karatasi yenye safu mbili: maswali yaliyojibiwa na darasa zima kwa pamoja, na maswali yaliyojibiwa na mtu mmoja. Safu ya kwanza ilijaa. Sehemu kubwa ya maswali yangu yalikuwa "Tumeelewa?" na darasa likavuta "Ndiyooo", au sentensi niliyoiacha ikining'inia ili wamalizie neno: "Asili zikiwa sawa tunajumlisha…" na wote "Kiasiii!" Sauti ikiwa kubwa hivyo unaamini darasa liko nawe. Ukisikiliza tena kwa makini unasikia sauti zile zile chache za dawati la mbele zinaanza, wengine wanadandia silabi ya mwisho.

Kwa ripoti, ukurasa wenye safu mbili unatosha kuwa kiambatisho. Hakuna haja ya kuandika mazungumzo yote. Kwa darasa, nimekata vipande vya karatasi vyenye namba za mahudhurio na ninaviokota kwenye kopo ninapouliza. Kwenye kila andalio naandika kando maswali matatu ambayo lazima yajibiwe na mtu mmoja mmoja.

31 Julai 2025: Kipindi chenyewe, na madaftari

Kipindi cha kwanza cha mada ndogo niliyoichagua kilikuwa cha dakika 40, darasa lina wanafunzi 64 waliosajiliwa. Andalio lilipangwa hivi: kukumbusha sehemu zenye asili sawa, kueleza kwamba asili zikitofautiana tunatafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, kufanya mifano miwili ubaoni, kisha maswali matano kwenye madaftari.

```
1)  1/2 + 1/3
2)  1/4 + 1/3
3)  2/3 + 1/6
4)  1/2 + 2/5
5)  3/4 + 1/8
```

Swali la ushahidi lilikuwa nichukue madaftari yapi. Ukimwambia kiranja akuletee machache, atakuletea masafi. Ukichagua mwenyewe, mkono unakwenda kwa watoto unaowajua majina, nao ni wale wanaonyoosha vidole. Nikaamua kabla ya zoezi: kila mwanafunzi wa tano kwenye daftari la mahudhurio, M5 hadi M60, jumla 12. M35 hakuwepo siku hiyo. Sikumbadilisha kwa jirani yake. Nimeandika "hayupo" na kubaki na madaftari 11. Ukianza kujaza mapengo unarudi kulekule kwenye kuchagua.

Niliyapanga mezani kwa aina ya kosa badala ya alama. Wanafunzi 3 walipata manne au yote matano. Watano walijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 1/2 + 1/3 = 2/5, 1/4 + 1/3 = 2/7, na mwendo huo hadi mwisho. Watatu waliobaki walinishughulisha zaidi, kwa sababu walipata KDS sahihi wakaiandika chini, lakini juu wakajumlisha viasi vya zamani: 1/2 + 1/3 = 2/6, na 2/3 + 1/6 = 3/6.

Kwa alama za kawaida, wale watano na hawa watatu wote wamekosa, na tathmini ingesema "wanafunzi 8 kati ya 11 hawajaelewa, watapewa mazoezi zaidi." Lakini makosa haya yana mizizi miwili. Wa kundi la kwanza anaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini, kila moja na maisha yake. Wa kundi la pili anajua asili lazima zifanane, ila hajui kwamba asili ikibadilika kiasi nacho hubadilika ili sehemu ibaki ile ile. Yaani hana sehemu zilizo sawa: hajui kuwa 1/2 na 3/6 ni kitu kimoja. Nilipolirudia andalio niliona halina hata dakika moja ya sehemu zilizo sawa. Liliruka kutoka asili sawa moja kwa moja hadi KDS. Mazoezi zaidi ya aina ile ile yangewazoesha kosa tu.

Hapa ndipo ripoti ilipata uti wake. Madai ni kwamba andalio lilidhani wanafunzi wana msingi wa sehemu zilizo sawa, na uthibitisho ni madaftari ya M15, M40 na M55. Badiliko ni kufundisha upya kwa kuanzia hapo.

4 Agosti 2025: Ushahidi unaofutika

Ingizo hili ni fupi, ila ukilipuuza huna ripoti.

Madaftari yakirudishwa, watoto wanafanya masahihisho. Wengi hufuta kwa raba na kuandika jibu sahihi palepale, wino mwekundu wa mwalimu ukibaki pembeni. Ukija kupiga picha wiki inayofuata unakuta daftari safi lisilo na kosa la kusoma. Picha lazima ipigwe baada ya kusahihisha na kabla ya kurudisha. Nimepiga za madaftari yote 11 juu ya meza karibu na dirisha, namba ya mwanafunzi ikiwa kwenye kipande cha karatasi kando ya ukurasa, jina limefunikwa.

Andalio la somo lina hatari hiyo hiyo. Kuna desturi ya kulinakili upya baada ya kipindi ili lipendeze kwenye faili, na katika kunakili, watu hulirekebisha lifanane na kilichotokea. Kiambatisho chenye thamani ni lile lililoingia darasani, lenye saini ya tarehe hiyo, mikunjo na maneno yaliyoandikwa kando kwa penseli. Kwenye langu kuna mshale unaoonyesha mfano wa pili ulikula dakika nane zaidi ya nilizopanga, na ndiyo maana maswali ya 4 na 5 yalifanywa kwa haraka.

Jambo la tatu liligunduliwa na mwalimu mlezi. Dawati moja linakaliwa na watatu, na madaftari ya dawati moja yalikuwa na makosa pacha. Kwa hiyo kosa la mmoja linaweza kuwa limenakiliwa. Kuanzia sasa zoezi la kupima litakuwa na seti mbili, A na B, zilizoandikwa ubaoni pande mbili. Wa katikati anafanya B, wa pembeni A. Hakuna gharama yoyote, ila inahitaji kuwaambia mapema nani yuko wapi, la sivyo dakika tano zinaishia kwenye "Mwalimu, mimi nafanya ipi?"

7 Agosti 2025: Vipande vya manila

Nilikata manila vipande vya sentimeta 24 kwa 4, kila dawati vinne. Urefu wa 24 unagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8, hivyo mikunjo inakaa sawa na rula inathibitisha. Jaribio la awali na karatasi za daftari halikufaulu: ukikunja karatasi laini mara tatu sehemu hazilingani, na darasa zima linabishana kuhusu mkunjo badala ya sehemu.

Kazi ya kwanza: kunja kimoja mara mbili, paka rangi nusu. Kunja kingine mara tatu, paka theluthi moja. Kisha nikauliza, kwa kuokota namba, kama 2/5 inaweza kuwa jibu la kujumlisha hivi viwili. Walikunja kipande cha tatu kwa tano kwa msaada wa rula (sentimeta 24 kwa 5 ni 4.8, nikawaambia waweke alama kwenye 4.8 na 9.6), wakapaka mbili, wakalaza kando ya nusu. M20, mmoja wa wale watano, aliangalia vipande viwili akasema: "Mwalimu, hii fupi. Tumeongeza halafu imepungua." Alikuwa ameshika nusu yenye sentimeta 12 na 2/5 yenye 9.6. Niliandika maneno yake palepale kwenye daftari la mfukoni, na yameingia kwenye ripoti kama yalivyo.

Kazi ya pili: kunja kipande cha nne mara sita, laza nusu juu yake, hesabu. Nusu inafunika tatu, theluthi inafunika mbili. Niliandika ubaoni:

```
1/2 = 3/6
1/3 = 2/6
3/6 + 2/6 = 5/6
```

Muda ukaisha. Ijumaa ni Nane Nane, shule imefungwa, kwa hiyo upimaji utafanyika wiki ijayo. Ripoti lazima iseme hivyo, kwa sababu siku kadhaa kati ya kujifunza na kupimwa ni sehemu ya matokeo.

12 Agosti 2025: Matokeo, na namna ya kuyasoma

Wanafunzi wale wale, seti A na B, na namba ambazo hazikuwemo kwenye mifano: 3/4 + 1/6, 2/3 + 1/4 na nyinginezo. Hili ni muhimu, kwani ukirudia 1/2 + 1/3 unapima kumbukumbu ya ubao.

M45 aliandika 18/24 + 4/24 = 22/24. Kwa mwongozo wangu wa kusahihisha, jibu lilikuwa 11/12, hivyo alikosa. Lakini 22/24 ni sahihi. Hakutumia KDS bali alizidisha asili mbili, wala hakurahisisha. Mada ndogo ninayoifuatilia ni kulinganisha asili na kubadili kiasi, na vyote viwili kavifanya. Nimebadili kigezo: kurahisisha kunahesabiwa peke yake. Kisha nikarudi kusahihisha upya madaftari ya tarehe 31 Julai kwa kigezo hicho kipya, kwa sababu huwezi kulinganisha mara mbili kwa mizani mbili. Hakuna aliyebadilika kundi.

Kati ya wale 11, waliopata sasa ni 6. M35 aliyerudi nimemweka kando, maana hakuwepo kwenye kipindi cha kwanza.

Kutoka 3 hadi 6 ni habari njema, na ripoti nyingi zingeishia hapo. Nilichora jedwali la nani ametoka wapi kwenda wapi. Wale watatu wa mwanzo wamebaki wanapata. Kati ya watano waliojumlisha juu na chini, wawili wamepata, wawili wamehamia kosa la pili, mmoja amebaki alipokuwa. Kati ya watatu wa kosa la pili, mmoja amepata na wawili wamebaki. Kwa hiyo kosa la kwanza limeshuka kutoka 5 hadi 1, huku la pili likipanda kutoka 3 hadi 4.

Ukiangalia alama tu, wale wawili waliohama hawajasogea, walikosa na bado wanakosa. Ukiangalia aina ya kosa, wamesogea sana: wameshaacha kujumlisha asili. Jedwali pia linanionyesha vipande vilitibu nini na kipi havikutibu. Viliwaonyesha kwamba 2/5 haiwezekani. Hatua ya kutoka kwenye kipande kwenda kwenye maandishi, yaani 1/2 = 3/6, niliiandika mimi ubaoni; wao hawakuiandika. Mkono wao haujaifanya hata mara moja.

Kipindi kilichofuata nililazimisha mistari miwili ya kati: hakuna kujumlisha kabla ya kuandika kila sehemu katika asili mpya, kila mmoja kwenye daftari lake, akiwa na kipande mkononi.

21 Agosti 2025: Msimamizi kutoka chuoni

Msimamizi alikuja kipindi ambacho si cha sehemu. Kulikuwa na kishawishi tunachokijua wote, cha kurudia somo ambalo darasa limeshalielewa ili lipendeze. Nilifuata azimio. Alikaa nyuma na fomu yake, akasoma andalio, akaniita baadaye.

Alipoona faili ya vipande na madaftari aliuliza swali moja zito: "Umejuaje kuwa ni vipande vilivyosaidia, na si kwamba wamerudia tu mada mara ya pili?" Sijui, na data yangu haiwezi kujua. Hakuna darasa la kulinganisha, na wanafunzi 11 ni wachache. Alisema niandike hivyo hivyo ndani ya sura, siyo kwenye aya ya mapungufu mwishoni ambako hakuna anayesoma. Ninachoweza kudai ni kidogo na kinashikika: baada ya kipindi cha vipande, wanne kati ya watano walioanza na kosa la kwanza hawakulirudia kwenye namba mpya, na M20 alieleza kwa maneno yake kwa nini jibu la zamani haliwezekani.

3 Septemba 2025: Kuandika sura

Sura ya tafakuri imefuata mpangilio wa matukio, kila dai likiwa na namba ya kiambatisho pembeni. Mfano wa aya ilivyokuwa kwenye rasimu:

"Katika mada ya sehemu wanafunzi walipata changamoto lakini baada ya kutumia zana na mbinu shirikishi wengi walielewa vizuri."

Na ilivyo sasa:

"Katika zoezi la 31 Julai, wanafunzi 5 kati ya 11 walijumlisha asili kwa asili (Kiambatisho 4) na 3 walitumia KDS bila kubadili kiasi (Kiambatisho 5). Andalio langu halikuwa na sehemu zilizo sawa (Kiambatisho 3). Baada ya kipindi cha vipande, kosa la kwanza lilibaki kwa mwanafunzi mmoja, lakini kosa la pili lilikuwa kwa 4, kwa sababu hatua ya kubadili kiasi niliiandika mimi ubaoni."

Sura ya changamoto ilinipa kazi kuliko nilivyotarajia. Rasimu ilijaa wanafunzi wengi, uhaba wa vitabu na wazazi wasiofuatilia. Yote ni kweli, ila yakikaa hivyo ripoti inamhusu kila mtu isipokuwa mwalimu aliyefundisha. Nimeacha yale tu ninayoweza kuyafunga na uamuzi wa darasani. "Watatu kwa dawati" imebaki, kwa sababu ilisababisha makosa pacha na ikazaa seti A na B. "Uhaba wa vitabu" nimeuondoa. Kwenye mada hii sikuuona ukibadilisha chochote.

Maelezo ya shule yametosha ukurasa mmoja na nusu.

14 Septemba 2025: Kufunga faili na gharama

Ilibaki kupima tena kabla ya kuondoka, kuona kama mistari miwili ya kati imedumu. Maandalizi ya mtihani wa Darasa la Saba yalibadilisha ratiba na vyumba, na kipindi hicho hakikupatikana. Ripoti inasema upimaji wa mwisho haukufanyika, na inamwachia mwalimu mlezi maswali niliyoyatunga pamoja na orodha ya namba za wanafunzi 4 wa kosa la pili na mmoja wa kosa la kwanza. Orodha yenye majina amebaki nayo yeye. Kwenye faili langu haimo.

Gharama: manila, gundi na rangi shilingi 4,500, rimu nusu 6,500, kuprinti kurasa 46 kwa 200 kila moja, 9,200, kurasa 8 za rangi za picha za madaftari kwa 500, 4,000, kubaindi 3,000. Jumla 27,200. Picha za madaftari ziprintiwe kwa rangi, hata kama nyingine zote ni nyeusi, kwa sababu kwenye kopi nyeusi wino mwekundu wa mwalimu na penseli ya mtoto vinachanganyika na kosa halisomeki.

Mpangilio wa viambatisho kwa anayetaka kunakili: barua ya ruhusa, ukurasa wa safu mbili wa maswali, andalio lililotumika, madaftari ya kosa la kwanza, madaftari ya kosa la pili, andalio la vipande na kipande kimoja halisi kilichobandikwa, jedwali la nani ametoka wapi kwenda wapi, karatasi za mwalimu mlezi, fomu ya msimamizi. Kipande cha manila kibandikwe kwa upande mmoja tu, ili msomaji aweze kukikunjua na kuona alama za 4.8 na 9.6.

Rekodi ya sauti itafutwa chuo kikishapokea ripoti. Nitaandika tarehe hapa.

26 Septemba 2025

Ripoti imepokelewa. Rekodi imefutwa leo.